Maji Hufuata Mkondo: Espreso kwa Mizani, Saa na Macho

Anayeanza kutengeneza espreso nyumbani hupewa namba tatu: gramu 18 za kahawa, gramu 36 kikombeni, sekunde 25 hadi 30. Anazishika. Kikombe cha kwanza kinatoka kwa sekunde 23, kichachu. Anaambiwa asage laini zaidi. Anasaga laini zaidi, na kikombe kinachofuata kinatoka kwa sekunde 21. Kahawa imekuwa laini, lakini maji yamekwenda mbio kuliko mwanzo! Anasaga laini tena, mambo yanaharibika zaidi, na nusu ya pakiti imekwisha.

Namba zenyewe hazina kosa. Tatizo ni kwamba ile ya tatu, ya sekunde, ina maana pale tu maji yanapokuwa yamepita kwenye kahawa yote sawasawa. Yakitoboa njia mahali pamoja na kukimbilia humo, saa inapima hiyo njia, haipimi kahawa. Kwa hiyo kabla ya kugusa kinu, swali la kwanza ni kama maji yametoboa. Ili uweze kulijibu, namba mbili za mwanzo lazima ziwe zimetulia, kwa hiyo tuanze nazo.

Anza na kichujio, kile kikombe cha chuma chenye matundu kinachokaa ndani ya portafilta, yaani kishikio chenye mpini kinachofungwa kwenye mashine. Kiinue kwenye mwanga. Ukiona matundu mengi ndani na mengi vilevile nje, sawa. Ukiona matundu mengi ndani lakini nje kuna kitundu kimoja tu, hicho ni kichujio cha kuta mbili. Kimetengenezwa ili hata kahawa iliyosagwa ovyo itoe povu: presha inatengenezwa na kile kitundu, si na kahawa. Kwa kahawa ya dukani iliyokwisha kusagwa kinafaa, lakini huwezi kujifunza lolote nacho, maana kinaficha kila kosa. Kiweke kando.

Kichujio cha kawaida huwa na ujazo wake, na mara nyingi namba imeandikwa kwenye kitabu cha mashine au imechongwa ubavuni. Kama ni cha gramu 18, kaa hapo au gramu moja juu au chini. Ukiwa na shaka, jaza kahawa, shindilia, weka sarafu nyembamba juu yake, funga portafilta kwenye mashine kisha ifungue bila kuwasha maji. Sarafu ikiwa imezama, kahawa imefika juu mno na inagusa wavu unaomwaga maji. Inahitaji nafasi ya kuvimba. Ikikosa, inapasuka, na mpasuko ni mlango wa maji.

Ukishapata kipimo chako, usikiguse mpaka pakiti iishe. Andika 18.0 na iwe 18.0 kila mara, kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Mizani ya jikoni inayoruka gramu nzima nzima haitoshi, kwa sababu inapokuonyesha 18 inaweza kuwa 17.5 au 18.4. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kina cha kahawa ndicho kinachoyazuia maji. Ukiongeza gramu moja, maji yanachelewa hata kama kinu hukukigusa, na hapo hutajua sekunde zimeongezwa na nini.

Namba ya pili ni uzito wa kinachotoka. Waitalia, wenye kinywaji chao, hupima kwa ujazo. Kiwango kilichowekwa na Istituto Nazionale Espresso Italiano, taasisi yao ya espreso, ni gramu 7 za kahawa kwa kikombe kimoja, mililita 25 pamoja na krema, na sekunde 25 zenye nafasi ya 5 kila upande. Zile sekunde zinazotajwa kila mahali zina ukoo na kiwango hicho. Lakini mililita zinakupoteza nyumbani, kwa sababu krema ni povu la gesi ya kaboni iliyobaki ndani ya buni tangu ilipokaangwa. Buni ya juzi inatoa krema nene na kikombe kinaonekana kimejaa, wakati kimiminika ni kidogo. Weka kikombe juu ya mizani, isome sifuri, uone gramu zikipanda.

Gramu 36 kutoka kwa 18, yaani mara mbili, ni pa kuanzia na si sheria. Zima pampu mizani ikisoma 33 hivi, maana matone yatakayofuata yataongeza 2 au 3. Kinachotoka mwanzoni ni kizito na kina uchachu mwingi, utamu unafuata, na mwishoni ni maji mepesi yenye uchungu. Ndiyo maana uzito wa kikombe ni usukani wa ladha. Ukikata mapema unabaki na uzito na uchachu, ukiacha yaendelee unapata wepesi na uchungu kidogo unaosawazisha.

Sekunde anza kuzihesabu pale unapobonyeza kitufe, si tone la kwanza linapoonekana, na usibadili utaratibu huo. Mashine nyingine hulowesha kahawa taratibu kwanza kabla ya kusukuma kwa presha kamili, na muda wake utakuwa mrefu zaidi. Hilo halina neno, mradi unahesabu kwa namna ileile. Wewe huwezi kuweka sekunde. Unaweka ulaini wa kusaga, na sekunde zinakuja zenyewe.

Kinu nacho kina hila yake. Unapokisogeza kuelekea laini, kisogeze kikiwa kinazunguka, vinginevyo punje zilizokwama kati ya meno zitakizuia. Halafu kumbuka kwamba ndani ya koo lake kuna unga uliosagwa kwa namba ya zamani ya kinu. Saga gramu 3 hadi 5 uzitupe, ndipo usage kipimo chako. Wengi huruka hatua hii kwa uchungu wa kumwaga kahawa, kisha wanaonja mchanganyiko wa namba mbili wakidhani ni moja.

Sasa maji yenyewe. Ndani ya portafilta una keki ya kahawa yenye kipenyo cha milimita 58 katika mashine nyingi, na juu yake maji yanayosukumwa kwa baa 9, karibu mara 9 ya mgandamizo wa hewa. Maji hufuata mkondo. Sehemu moja ikiwa imelegea kidogo tu, maji hupita hapo kwa kasi zaidi. Yakipita, yanabeba unga laini na kupanua njia, na njia ikipanuka yanaongezeka. Ndani ya sekunde chache umepata mkondo halisi. Kahawa iliyo kwenye kuta za mkondo huo inaoshwa mpaka inatoa kila kitu, pamoja na visivyotakiwa, huku iliyo mbali nao ikiguswa juujuu.

Ndiyo maana ladha yake haifanani na ile ya kahawa iliyosagwa kwa chenga. Kahawa ya chenga ni chachu na nyepesi, basi. Iliyotobolewa na maji ni chachu na chungu kwa pamoja, halafu inaacha ukakasi, kile kikavu kinachobana ulimi kana kwamba umetafuna bibo. Ukikutana na uchachu wa ndimu na ukakasi wa bibo katika funda moja, usiguse kinu. Kikombe kimoja kimebeba kahawa mbili: moja haikutolewa vya kutosha, nyingine imetolewa kupita kiasi. Hakuna namba ya kinu inayotibu zote mbili kwa mara moja.

Kuona ni rahisi zaidi kuliko kuonja, ukiwa na portafilta iliyokatwa kitako, ile isiyo na midomo chini, ambayo inakuonyesha tumbo la kichujio. Inama utazame. Kikombe kizuri hukaa kimya sekunde 6 au 8 za mwanzo, kisha matone meusi yanatokeza karibu kila mahali kwa wakati mmoja, yanavimba, yanasogeleana, yanaungana katikati kuwa uzi mmoja wa rangi ya asali nyeusi wenye michirizi. Rangi inafifia polepole, upande mmoja kama mwingine.

Kikombe kilichotoboka hakina subira. Matone yanatokea upande mmoja kwenye sekunde ya 4 huku upande mwingine ukiwa mkavu. Au uzi unaungana vizuri, kisha kwenye sekunde ya 12 kijito chembamba kama sindano kinaruka pembeni na kuchafua kaunta. Au mahali pamoja panageuka rangi ya njano hafifu wakati kwingine bado ni kahawia iliyokolea. Hiyo njano ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inakuambia kwamba kahawa ya pale imekwisha kutoa na maji bado yanapita. Kijito kimoja kinachoruka nusu sekunde na kujifunga si msiba, kikombe kama hicho mara nyingi kinanyweka vizuri.

Kama portafilta yako ina midomo, tazama mizani. Kasi ya maji huongezeka polepole kadiri kahawa inavyotoa vilivyomo, na hilo ni la kawaida. Mruko wa ghafla ndio ushahidi. Mashine yenye geji itakuonyesha jambo hilohilo kwa sindano: inapanda hadi 9, kisha inaanguka ghafla bila wewe kufanya kitu. Mdomo mmoja kutoa zaidi ya mwingine ni ushahidi dhaifu. Angalia kwanza kama meza imelala sawa.

Keki iliyobaki ndani ya portafilta watu huitazama sana, wakisoma matundu yake kama mpiga ramli. Si shahidi wa kutegemewa. Mashine nyingi zina vali inayoachia presha pampu inapozimwa, na mvuto wake unaweza kuchimba uso wa keki baada ya kila kitu kwisha. Keki yenye matope juu nayo inasema tu kwamba kulikuwa na nafasi kubwa kati ya kahawa na wavu.

Ukishajua kwamba maji yametoboa, angalia yalitoboa wapi, kwa sababu mahali panataja sababu. Pakiwa upande uleule kila siku, fanya jaribio hili: unaposhindilia, geuza portafilta ili mpini uelekee kinyume na ulivyozoea. Ukishaifunga kwenye mashine, tazama sehemu dhaifu iko wapi ukilinganisha na mpini. Ikiwa imehamia upande wa pili, ni mkono wako unaolalia upande mmoja. Ikiwa imebaki palepale, kagua wavu wa juu. Kwa kawaida hushikwa na skrubu moja. Ufungue, uusugue na uondoe gundi ya mafuta ya kahawa iliyoziba nusu ya matundu.

Maji yakipita pembezoni kwa mduara, na katikati kukachelewa, kingo za keki zimeachana na chuma. Mara nyingi aliyesababisha ni kile kipigo kidogo ambacho watu hupiga ubavuni mwa portafilta baada ya kushindilia, ili unga uliobaki kwenye kuta uanguke. Unga unaanguka kweli, na keki inang'oka. Acha. Sababu nyingine ni tampa, kile kifaa cha kushindilia, kuwa ndogo kuliko kichujio. Zile za plastiki zinazokuja na mashine za bei nafuu huacha ukingo mzima bila kuguswa.

Maji yakitoboa hapa leo na pale kesho, bila mpango, tafuta madonge. Kinu hutoa unga uliogandana, na donge likishashindiliwa linakuwa gumu kuliko jirani zake. Dawa yake aliieneza Mmarekani John Weiss mwaka 2005, nayo ni kuuchokoa unga kwa sindano kabla ya kushindilia. Sindano nzuri ni nyembamba sana, milimita 0.3 au 0.4. Tatu au nne zilizochomekwa kwenye kizibo cha chupa zinatosha. Zishushe mpaka chini, zungusha, panda polepole, malizia kwa kusawazisha uso. Sekunde 15 zinatosha. Kijiti cha meno ni kinene, kinasukuma unga badala ya kuutenganisha. Na kama unga wako unarukaruka na kung'ang'ania chuma kwa umeme wa msuguano, jambo la kawaida katika miezi mikavu ya bara kuliko pwani, gusisha tone moja la maji kwenye buni kabla ya kusaga.

Kushindilia kwenyewe hakuhitaji kifua. Kiwiko kiwe juu ya mkono, tampa ilale sawa, sukuma mpaka kahawa ikatae kushuka zaidi. Baada ya hapo nguvu ya ziada inakuchosha tu. Ulalo wa tampa ndio unaoamua.

Tuchukue sasa mfano mmoja mpaka mwisho. Buni ni arabika iliyooshwa kutoka miteremko ya Kilimanjaro, imekaangwa wastani, ina siku 10 tangu ikaangwe. Pakiti ya gramu 250 inatoa vikombe 13 vya gramu 18, hivyo kuharibu vinne au vitano katika kutafuta ni kodi inayovumilika. Kwenye kinu hiki namba ndogo ni laini. Daftari linasomeka hivi:

Namba 12: gramu 18.0, kikombe 36, sekunde 17. Uchachu wa ukwaju, nyepesi kama chai.
Namba 10: gramu 18.0, kikombe 36, sekunde 23. Uchachu umepungua, utamu kidogo.
Namba 8: gramu 18.0, kikombe 37, sekunde 21. Ndimu, kisha ukakasi.

Mstari wa kwanza na wa pili zinasimulia jambo moja. Namba mbili chini zimeongeza sekunde 6, na ladha imeelekea kunakotakiwa. Kwa hesabu hiyo namba 8 ilitakiwa kufika sekunde 29 au zaidi. Imefika 21. Kusaga laini kumepunguza muda, na hilo haliwezekani kama maji yamepita kwenye keki nzima. Mizani ilithibitisha: kwenye sekunde ya 12 ilisoma gramu 8, na kwenye ya 18 ilikuwa 28. Gramu 20 zimekimbia ndani ya sekunde 6.

Hapa njia zinagawanyika. Anayeamini saa peke yake atasema maji yamekwenda haraka, basi namba 6. Keki itazuia zaidi, presha itatafuta ufa kwa nguvu zaidi, na sekunde zitapungua tena. Mwaka 2020 kundi la watafiti, akiwemo mkemia Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon, lilionyesha kwamba kusaga laini huongeza kinachotolewa kwenye kahawa hadi mahali fulani tu. Ukipita hapo kinapungua, kwa sababu maji hayapiti tena sawasawa. Kwa hiyo mstari wa nne wa daftari haubadilishi namba, unabadilisha mikono:

Namba 8 tena: sindano sekunde 15, bila kipigo cha ubavuni. Gramu 18.0, kikombe 36, sekunde 35. Nzito, uchungu wa mwisho umekolea.

Namba ileile, tofauti ya sekunde 14. Sasa saa inasema kweli, nayo inasema kwamba 8 ni laini mno. Tunarudi juu hatua moja, kwa maandalizi yaleyale:

Namba 9: gramu 18.0, kikombe 36, sekunde 29. Tamu, uchachu wa chungwa upo mbele kidogo.

Kinu kimeshafanya kazi yake. Uchachu uliobaki hauhitaji namba nyingine, unahitaji kikombe kirefu kidogo: gramu 18 zilezile, namba 9 ileile, zima kwenye 36 badala ya 33, ipatikane 39. Sekunde zitasogea hadi 31 na chungwa litakaa nyuma ya utamu. Kama buni ingekuwa imekaangwa hadi kuwa nyeusi, ungekwenda upande wa pili na kuzima kwenye 29, ipatikane 32, ili uchungu usifike.

Ukifanya yote haya na maji bado yakatoboa kila mara, tazama tarehe kwenye pakiti. Buni ya siku mbili au tatu bado imejaa gesi. Gesi inasukumana na maji, keki inapasuka. Iache mpaka wiki moja, na iliyokaangwa kidogo hata mbili. Buni iliyokaa wazi miezi mitatu ina tatizo jingine: haizuii maji tena, krema yake ni utando tu unaopotea, na utasaga laini mpaka kinu kigome. Hiyo ipeleke kwenye kahawa ya kuchemsha, tangawizi itaisaidia.

Na namba 9 isiandikwe ukutani. Pakiti hiyohiyo ikifika wiki ya tatu, gesi imepungua na sekunde 29 zitakuwa 25 bila mtu kugusa kitu. Tazama kwanza tumbo la kichujio. Matone yakitokea pamoja na uzi ukikaa katikati, hakuna kilichotoboka, basi shuka nusu hatua.